Volti Elfu Sita Kabla ya Swichi Kufungwa

Moyo ukiacha kupiga na kuanza kutetemeka ovyo, damu haisukumwi tena, na daktari hana muda. Anabandika pedi mbili kifuani, anawaambia walio karibu wasimguse mgonjwa, anabonyeza kitufe. Mwili unaruka. Yote yaliyopita mwilini yamekwisha katika milisekunde chache, na umbo la mkondo uliopita linaweza kukokotolewa kwa penseli kabla mashine haijawashwa.

Mashine ninayoizungumzia ni ile iliyoenea baada ya kazi ya daktari Bernard Lown huko Boston, aliyeanza mwaka 1962 kuwashtua wagonjwa kwa umeme wa kapasita, akisaidiwa na mhandisi Baruch Berkovits. Kabla yake hospitali nyingi zilikuwa zikitumia umeme wa kwenda na kurudi, wa aina ileile ya ukutani. Mashine nyingi za leo zina wimbi la umbo jingine, lakini hii ya zamani ndiyo bora kwa kujifunzia, kwa sababu ndani yake kuna vitu vitatu tu vilivyopangwa kwa mfuatano: kapasita, koili na kifua cha mgonjwa, ambacho katika hesabu ni rezista.

Tuchukue namba hizi: kapasita ya mikrofaradi 16, koili ya henri 0.1, kifua cha omu 50. Kapasita imechajiwa hadi volti 6,000. Nishati iliyolala ndani yake ni jouli 288. Waya wa koili nao una ukinzani wake. Nimeuacha ili hesabu isomeke. Swichi bado iko wazi, hakuna kinachopita popote.

Hapo ndipo penye ugumu. Saketi ya kawaida ya darasani ina betri, na betri ndiyo inayosukuma. Saketi hii, swichi ikifungwa, haina betri. Kinachosukuma ni chaji iliyowekwa kapasitani mapema, nayo inapungua kadiri inavyosukuma. Koili kwa upande wake inakataa mkondo usibadilike ghafla. Ukiandika hali hiyo kwa kufuata saa, unapata mlinganyo wa mabadiliko ya mabadiliko, na wengi huishia hapo.

Wahandisi huhamisha saketi nzima kwa ugeuzi wa Laplace, kutoka kwenye muda `t` kwenda kwenye kigezo kinachoitwa `s`. Huko, kutafuta kasi ya badiliko kunakuwa kuzidisha kwa `s`, na kulimbikiza kunakuwa kugawanya kwa `s`. Rezista inabaki `R`. Koili inakuwa `sL`. Kapasita inakuwa `1/(sC)`. Zote tatu sasa zinajumlishwa kama rezista za kawaida.

Ila ugeuzi huo hausahau mwanzo. Kila unapogeuza kasi ya badiliko, unatoa thamani iliyokuwapo wakati wa sifuri, na thamani hiyo lazima ionekane mahali fulani kwenye mchoro. Kwa kapasita, inaonekana kama chanzo cha volti cha `V0/s` kilichofuatana na `1/(sC)`, upande wake chanya ukiwa uleule uliokuwa chanya kwenye kapasita. Kapasita moja halisi imekuwa vitu viwili katika mchoro: kapasita tupu, na betri ya kuwaziwa inayobeba kumbukumbu ya volti 6,000. Koili nayo ingekuwa na chanzo chake, `L` mara mkondo wa mwanzo, lakini swichi ilikuwa wazi; mkondo wa mwanzo ni sifuri, na chanzo hicho kinatoweka.

Sasa tuna chanzo kimoja na vizuizi vitatu, na sheria ya Ohm inatosha:

```
I(s) = (V0/s) / (R + sL + 1/(sC))
     = 60000 / (s² + 500s + 625000)
     = 60000 / ((s + 250)² + 750²)
```

Mstari wa mwisho unasomeka moja kwa moja kwenye jedwali la Laplace: `i(t) = 80·e^(-250t)·sin(750t)`, kwa ampea. Ni wimbi linaloinuka na kufifia. Linafika kileleni kwenye ampea 50 hivi, milisekunde 1.7 baada ya swichi kufungwa, kisha linashuka hadi sifuri kwenye milisekunde 4.2. Baada ya hapo linageuka na kurudi upande wa pili, kilele chake kikiwa ampea 18 tu, nalo linaendelea kufa hivyo. Kama koili isingekuwapo, mkondo ungeanza papo hapo kwenye ampea 120. Hiyo ndiyo kazi ya koili: kupunguza makali ya kilele na kuutandaza mkondo kwenye muda mrefu zaidi.

Nafundisha hesabu hizi kwa mafundi vijana, na kosa ninalolikuta kila mwaka haliko kwenye mkondo. Liko kwenye swali linalofuata: volti ya kapasita ni ngapi? Juzi kijana mmoja, mwenye mwandiko safi kabisa, alizidisha `I(s)` kwa `1/(sC)` akapigia mstari. Nikamwambia, "Angalia jibu lako wakati wa sifuri." Akahesabu, akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, linaanza kwenye sifuri." Kapasita yenye volti 6,000 haiwezi kuanza kwenye sifuri. Alikuwa amepima kapasita tupu na kuiacha betri ya kuwaziwa, wakati kapasita halisi ni vyote viwili pamoja. Jibu sahihi ni `V0/s - I(s)/(sC)`, alama ya kutoa ikiwapo kwa sababu mkondo unatoka kwenye upande chanya, hauingii.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda zaidi, nacho huchukua nusu dakika. Weka `s = 0` ndani ya `I(s)`: unapata 60,000 gawanya kwa 625,000, yaani 0.096. Namba hiyo ni jumla ya chaji yote iliyopita, kwa kulomu. Sasa zidisha `C` kwa `V0`: mikrofaradi 16 mara volti 6,000 ni 0.096 vilevile. Chaji iliyokuwa kapasitani mwanzo ndiyo iliyopita kifuani, baada ya kutoa ile iliyorudi. Namba hizi mbili zikitofautiana, kuna kosa juu ya mstari, na hakuna haja ya kuendelea mbele.

Vifua havilingani. Wimbi hurudi nyuma hivyo mradi ukinzani uko chini ya `2√(L/C)`, ambayo hapa ni omu 158. Ukizidi hapo, mkondo unapanda mara moja na kushuka polepole bila kugeuka.

Fundi anayekagua mashine hii haitoi shoti mwilini. Anaiunganisha na rezista ya omu 50 na kulitazama wimbi kwenye osiloskopu. Wimbi likiruka ghafla hadi karibu ampea 120, koili ndani imeshikana. Likianza vizuri lakini likakata sifuri kwenye milisekunde 3.6 badala ya 4.2, koili ikiwa nzima, kapasita imechoka: imebaki na mikrofaradi 12 hivi kati ya zile 16, na ingawa kioo cha mashine bado kinaonyesha volti 6,000, robo ya nishati haimfikii mgonjwa.