Hati ya ubia: pesa za kuingia, za kugawana na za kuondoka nazo

Hati ya ubia ni makubaliano ya maandishi kati ya watu wawili au zaidi wanaofanya biashara pamoja kwa nia ya kupata faida. Nchini Kenya ubia wa kawaida unaongozwa na Sheria ya Ubia, Namba 16 ya 2012. Sheria hiyo inawaacha wabia wapange mambo mengi wapendavyo, lakini pale wanaponyamaza inaweka kanuni zake yenyewe. Kanuni inayowashtua wengi ni ile ya mgawanyo: kama wabia hawakukubaliana vingine, faida hugawanywa sawasawa na hasara vivyo hivyo, hata kama mmoja alileta pesa nyingi na mwenzake akaleta kidogo.

Kwa kawaida hati huandikwa na wakili kwa Kiingereza, ilhali wabia wenyewe walijadiliana kwa Kimeru, Kiembu au Kiswahili. Njia bora ya kumweleza mbia asiyesoma Kiingereza vizuri ni kupiga hesabu za kila kifungu mbele yake kabla hajatia sahihi, kwa kuwa kifungu kinachosomwa bila tarakimu hakimwonyeshi mtu atakachopata wala atakachopoteza.

Tuchukue mfano wa duka la pembejeo mjini Runyenjes, Embu, linalouza mbolea, mbegu za mahindi na dawa za mimea. Mfano huu umebuniwa ili hesabu zieleweke. Mbia mmoja anaishi Nkubu, upande wa Meru, ana kazi nyingine na analeta pesa taslimu shilingi 900,000. Mwenzake ni mwenyeji wa Embu. Analeta shilingi 200,000 na pikapu wanayoikadiria kuwa ya shilingi 400,000, na ndiye atakayefungua duka kila asubuhi. Kwa hiyo mtaji wa Meru ni 900,000, wa Embu ni 600,000, na jumla ni milioni moja na nusu.

Pesa taslimu hazina utata mkubwa. Ugomvi huanzia kwenye pikapu. Hati lazima iseme kama gari limekuwa mali ya biashara au limeazimwa tu. Likiwa mali ya biashara, wabia wote wawili wanabeba uchakavu wake, na siku ya kuachana mwenyewe hana ruhusa ya kuliwasha na kwenda nalo. Likiwa la kuazima, linabaki lake, uchakavu ni wake, na mtaji wake unaohesabika ni 200,000 tu. Hati inapaswa pia kutaja nani aliyekadiria bei, na kwa tarehe gani. Kama kitabu cha umiliki wa gari kitaendelea kuwa na jina la mbia mmoja, kifungu kiseme wazi kwamba analishikilia kwa niaba ya ubia. Tahadhari hiyo hiyo inahitajika pale duka linapojengwa kwenye ploti ya familia ya mmoja wao, maana jengo halihamishiki na ardhi ina warithi.

Kuna swali jingine la mtaji ambalo hati nyingi hulipita haraka. Mvua za Oktoba zikikaribia, duka linahitaji kujaza mbolea na mbia wa Meru anatuma shilingi 200,000 zaidi. Je, hizo ni mtaji au ni mkopo? Tofauti yake ni kubwa. Biashara ikivunjwa, wadai wa nje hulipwa kwanza, kisha mikopo waliyotoa wabia wenyewe, halafu ndipo mtaji unarudishwa. Zikiwa mkopo, mwenye pesa anasimama mbele ya mtaji wa wote wawili. Zikiwa mtaji, anasubiri pamoja na mwenzake, na pengine uwiano wa mitaji yao unabadilika. Inatosha kifungu kimoja kusema kwamba nyongeza yoyote ni mkopo isipokuwa wabia wametia sahihi kuwa ni mtaji, pamoja na kiwango cha riba na tarehe ya kurudishwa.

Mtaji ukishaandikwa, kinachofuata ni faida. Tuseme mwaka wa kwanza, baada ya kulipa kodi ya duka, umeme, vibarua na bidhaa, imebaki faida ya shilingi 630,000. Bila hati, kila mmoja angepata 315,000. Wakigawana kwa uwiano wa mtaji, yaani tatu kwa mbili, Meru angepata 378,000 na Embu 252,000. Njia ya kwanza inapuuza pesa za Meru. Ya pili inapuuza mwaka mzima ambao mwenzake alisimama nyuma ya kaunta.

Ndiyo sababu hati nzuri hugawanya faida kwa hatua tatu. Kwanza kila mbia anapewa riba juu ya mtaji wake, tuseme asilimia 10 kwa mwaka: Meru 90,000, Embu 60,000. Pili, anayefanya kazi anapewa mshahara, hapa 15,000 kwa mwezi, yaani 180,000 kwa mwaka. Zinabaki 300,000, nazo zinagawanywa nusu kwa nusu, 150,000 kila mmoja. Jumla ya Meru inakuwa 240,000 na ya Embu 390,000. Mbia wa Meru anaweza kukunja uso akiona mwenzake amempita, hadi aoneshwe kwamba 180,000 kati ya hizo ni malipo ya kazi ambayo vinginevyo mwajiriwa angelipwa.

Hesabu hiyo ipigwe tena kwa mwaka mbaya, kwa sababu hapo ndipo kifungu kinapopimwa. Mvua zikikosa na faida ikawa 230,000 pekee, riba na mshahara vinafika 330,000. Kuna upungufu wa 100,000. Hati isiposema lolote zaidi, upungufu huo utagawanywa kama faida, 50,000 kila upande, na Meru atabaki na 40,000 huku Embu akipata 190,000. Wabia wengine huona hilo ni haki, kwa kuwa kazi imefanywa mvua inyeshe isinyeshe. Wengine huandika kwamba riba na mshahara vitatolewa katika faida iliyopo tu, kwa utaratibu wa kutangulia uliotajwa. Chaguo lolote linafaa mradi limeandikwa kabla ya ukame.

Upande wa kodi, ubia wenyewe haulipi kodi ya mapato. Kila mbia hutozwa kwa fungu lake, na kwa mtazamo wa KRA riba juu ya mtaji na mshahara wa mbia ni sehemu ya fungu hilo. Kwa hiyo mbia wa Embu anatangaza 390,000 zote kwenye iTax, na mwenzake 240,000, kufikia tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata.

Fungu la faida kwenye karatasi si pesa zilizo mkononi. Duka linaweza kuwa na faida ya 630,000 ilhali sehemu kubwa yake imelala kwenye magunia ya mbolea na madeni ya wakulima watakaolipa baada ya mavuno. Hapo ndipo kifungu cha kutoa pesa kinapoingia. Kila mbia afunguliwe hesabu yake, tofauti na mtaji: fungu la faida linaingizwa humo, na kila anachochukua kinakatwa humo, hata mfuko wa mbegu aliopeleka shambani kwake, kwa bei ya kununulia. Hati iweke kikomo cha mwezi, na kwa biashara ya pembejeo iweke pia miezi ya kufunga mkono. Kanda hii hupata mvua Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na bidhaa hununuliwa kabla. Mbia anayechota pesa Februari au Septemba anauza msimu mzima. Dalili za mapema kwamba kifungu kinavunjwa huonekana kwenye simu: wateja wanalipa kwa namba binafsi ya mbia badala ya namba ya malipo ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina la duka, na mauzo ya daftari hayalingani na taarifa ya M-Pesa na ya benki.

Kutoa pesa ni tofauti na kujitoa, na hati ivitenge vifungu hivyo. Kwa kujitoa, yatajwe mambo manne: muda wa notisi, tarehe ya kufunga hesabu, namna ya kuthamini mali, na muda wa kulipa. Tuseme baada ya miaka mitatu mbia wa Meru anatoa notisi ya miezi sita. Mtaji wake ni 900,000 na hesabu yake ina 60,000 ambazo hajazichukua, jumla 960,000. Akidhani ataondoka na hizo, amekosea. Bidhaa zinahesabiwa na mali inathaminiwa upya. Pikapu, waliyoifanya mali ya biashara, bado imeandikwa 400,000 kwa sababu hakuna aliyepunguza thamani yake mwaka hadi mwaka, lakini sasa haiuziki zaidi ya 250,000. Hasara ya 150,000 inagawanywa nusu kwa nusu, naye anabeba 75,000. Madeni ya wakulima yasiyolipika ni 50,000, anabeba 25,000. Anachodai ni 860,000. Kama wamekubaliana kuwa jina la duka na wateja wake vina thamani, hati iseme inapigwaje, kwa mfano faida ya wastani ya miaka miwili, na fungu lake liongezwe hapo.

Muda wa kulipa nao upimwe kwa faida ya duka. Kifungu kikidai robo ilipwe papo hapo, ni 215,000. Zilizobaki 645,000 zikilipwa kwa miezi 12 ni 53,750 kila mwezi. Duka linalopata 630,000 kwa mwaka linaingiza 52,500 kwa mwezi, kwa hiyo anayebaki angelipa zaidi ya faida yake yote na asipate hata cha kujazia rafu. Kwa miezi 24 malipo yanakuwa 26,875, na hilo linabebeka. Wabia wafanye hesabu hiyo siku ya kuandika hati, wakati hakuna kati yao anayejua ni nani ataondoka.

Kifo kiandikiwe kifungu chake, kwa sababu warithi hawawezi kupokea fungu la marehemu hadi mahakama itoe hati ya usimamizi chini ya Sheria ya Urithi, na duka haliwezi kusubiri. Hati iseme kama anayebaki ataendelea na biashara, na fungu la marehemu litahesabiwa kwa tarehe ipi. Mizozo ya thamani ipelekwe kwanza kwa mhasibu au msuluhishi aliyetajwa, kwani Sheria ya Usuluhishi ya 1995 inatambua makubaliano ya namna hiyo. Mahakama Kuu za Embu na Meru zibaki hatua ya mwisho.

Anayejitoa ana kazi moja zaidi, nayo haimhusu mwenzake bali watu wa nje. Madeni yaliyofanywa akiwa mbia yanaendelea kumfuata, na muuzaji wa mbolea ambaye hakuarifiwa anaweza kumdai hata kwa bidhaa zilizochukuliwa baada ya kuondoka kwake. Basi aiandikie kila kampuni inayolikopesha duka, atangaze katika Gazeti Rasmi la Serikali, na ahakikishe jina lake limeondolewa kwenye usajili wa jina la biashara na kwenye benki. Hati imlazimishe anayebaki kumlipia madeni ya zamani, lakini ahadi hiyo ni kati yao wawili tu. Mdai bado ana haki ya kumfuata yeyote kati yao.