Kafeini: Kinachofukuza Usingizi Kikombeni

Kikombe cha kahawa ya kuchujwa huwa na takriban miligramu 95 za kafeini, chai nyeusi karibu 45, na kakao mara nyingi haifiki 10. Tarakimu hizi hupanda na kushuka kulingana na aina ya mmea na muda wa kuloweka. Buni ya robusta, inayolimwa Kagera na Uganda, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro. Majani makavu ya chai nayo yanaweza kuizidi buni kwa kafeini, ila kikombe kimoja huhitaji majani machache.

Mtu akiwa macho, dutu iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni saa baada ya saa. Ikinasa kwenye vipokezi vyake, seli za neva hupunguza kasi na usingizi huja. Kafeini inafanana nayo kwa umbo, hivyo hukalia vipokezi hivyo bila kuviamsha, kama ufunguo unaoingia kwenye kitasa lakini hauzunguki. Uchovu haujaondoka, umezuiwa tu usisikike.

Kafeini hufikia kilele katika damu ndani ya saa moja hivi, na nusu yake hubaki baada ya saa tano. Anayekunywa kahawa saa kumi na moja jioni bado anayo nusu saa nne usiku. Mnywaji wa kila siku huongeza vipokezi, na akiacha ghafla huumwa kichwa kwa siku kadhaa. Ni afadhali apunguze kidogo kidogo.