Boksi la 9 Kati ya 13: Lebo Zinazotoka Kwenye Jedwali

Safari ya kwanza tulipotuma misaada tuliyokusanya hapa chuoni, kila boksi liliandikwa kwa mkono neno moja tu: VITABU. Tukapakia kwenye basi, tukaondoka tukipongezana. Siku mbili baadaye mwalimu mkuu mmoja akapiga simu kutoka Kilosa: "Vijana, mbona mmetuletea sare za shule nyingine? Na hivi mlituma maboksi mangapi?" Hatukuwa na jibu. Hakuna aliyekuwa amehesabu.

Safari ya pili tulikuwa na maboksi 38: Handeni 14, Kilosa 13 na Same 11. Lebo zote zilitoka kwenye jedwali moja la Excel. Tulifanya hivi, ili na wewe usije ukaaibika kama sisi.

Kwanza jedwali. Kosa la wengi ni kuandika mstari mmoja kwa kila shule. Hapana, mstari mmoja ni boksi moja. Kila boksi likifungwa, mwenzetu mmoja aliliandika namba kubwa kwa makapeni, na papo hapo mwingine akajaza mstari wenye namba hiyo. Yaliyomo huandikwa boksi likifungwa, siyo kabla, maana vitu huhamahama dakika za mwisho.

Mstari wa kwanza ni majina ya safu: A ni Na, B ni Kituo, C ni Yaliyomo, D ni Simu, E ni Boksi na F ni Jumla. Safu ya Simu ibadilishe iwe Text kabla ya kujaza, la sivyo sifuri ya mwanzo itapotea. Safu za E na F usizijaze kwa mkono. Weka fomula hizi kwenye E2 na F2, kisha zivute hadi mstari wa 39:

```
=COUNTIF(B$2:B2,B2)
=COUNTIF(B$2:B$39,B2)
```

Ya kwanza inahesabu hili ni boksi la ngapi kwa kituo hicho, ya pili inatoa jumla ya kituo. Usiandike 9/13 kwenye safu moja, kwa sababu Excel inaweza kudhani ni tarehe.

Sasa hifadhi jedwali, lifunge, na ufungue Word. Nenda Mailings, Start Mail Merge, Labels, halafu New Label. Sisi tulitumia A4 ya kawaida, lebo nne kwa karatasi: upana sentimita 10, urefu 14, mbili kwa mbili. Nafasi ya juu 0.8, ya pembeni 0.5. Pale panapouliza umbali kati ya lebo na lebo, weka tena 10 kwa mlalo na 14 kwa wima. Kisha Select Recipients, Use an Existing List, uchague faili lako. Kwenye lebo ya kwanza tu, ingiza sehemu kwa Insert Merge Field:

```
«Kituo»
Boksi «Boksi» kati ya «Jumla»
«Yaliyomo»
Simu: «Simu»    Na. «Na»
```

Kituo kiwe na herufi kubwa kuliko vyote, kisomeke na mtu anayeshusha mzigo usiku. Halafu bonyeza Update Labels. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Usipobonyeza, kila karatasi itatoka na lebo moja, nyingine tupu: boksi la 1, kisha la 5, kisha la 9. Ukiona mruko huo, ujue tatizo ni hilo, wala usiilaumu printa.

Usiprinti moja kwa moja. Chagua Finish & Merge, Edit Individual Documents, usome lebo zote kwanza. Sisi tuliona Kilosa ina "kati ya 10" na nyingine "kati ya 3". Tukakuna vichwa weee! Kumbe aliyejaza mistari mitatu alibonyeza nafasi baada ya neno Kilosa, na COUNTIF ikaona ni vituo viwili tofauti. Tukafuta nafasi hizo, zikarudi 13.

Lebo 38 zilikula karatasi 10. Tuliprinti nakala mbili, tukabandika pande mbili za boksi na siyo juu, kwa sababu juu hufunikwa na boksi jingine. Kabla ya kubandika, Na. ya lebo ilinganishwe na namba ya makapeni. Jedwali haliwezi kujua umebandika wapi. Juu ya karatasi tukapitisha selotepu pana, wino usilowe.

Safari hii mwalimu wa Kilosa alipiga tena: "Nimepokea 12. La 9 halijafika, lile la Hisabati Darasa la 5." Tukapiga simu ofisi ya basi tukitaja boksi lenyewe. Lilikuwa limebaki stoo, likapanda basi la kesho yake.