Mstari Wenye Ncha Mbili: Jinsi Uwezekano wa Kufilisika Unavyokokotolewa

Mstari huchorwa kwa penseli na kutiwa alama sita, kuanzia 0 upande wa kushoto hadi 5 upande wa kulia. Mchezaji mwenye shilingi 2 anawekwa kwenye alama ya 2, na mpinzani wake ana shilingi 3. Kila sarafu inaporushwa, mchezaji akishinda anapata shilingi moja na kusogea hatua moja kulia. Akishindwa, anapoteza moja na kurudi hatua moja kushoto. Akifika 0 amefilisika, akifika 5 amemaliza fedha zote za mpinzani. Ncha zote mbili zinanasa: aliyefika hapo hatoki tena. Kinachotafutwa ni uwezekano wa kuishia 0.

Njia inayomjia mtu haraka ni kuorodhesha safari zote zinazoishia 0. Anaweza kushindwa mara mbili mfululizo, au kushinda mara moja kisha kushindwa mara tatu, na kadhalika. Orodha hiyo haina mwisho, kwa sababu mchezaji anaweza kwenda na kurudi katikati ya mstari mara nyingi apendavyo. Inafaa zaidi kutazama hatua ya kwanza peke yake. Kutoka alama ya 2, sarafu ikiwa ya haki, mchezaji atakuwa ama kwenye 1 ama kwenye 3, kila moja kwa uwezekano wa nusu, na tangu hapo yaliyopita hayana uzito wowote. Basi uwezekano wa kufilisika kwenye alama ya 2 ni wastani wa ule wa alama ya 1 na ule wa alama ya 3. Ndivyo ilivyo kwa kila alama ya ndani.

Namba ikiwa wastani wa majirani wake wawili, tofauti yake na wa kushoto ni sawa na tofauti yake na wa kulia. Kwenye 0 uwezekano wa kufilisika ni 1, na kwenye 5 ni 0. Kushuka kutoka 1 hadi 0 kwa ngazi tano zilizo sawa kunatoa 1, 4/5, 3/5, 2/5, 1/5, 0, namba zinazoweza kuandikwa moja kwa moja chini ya alama za mchoro. Mwenye shilingi 2 atafilisika kwa uwezekano wa 3/5. Mchezo ni wa haki kabisa, lakini mwenye fedha kidogo ndiye aliye hatarini zaidi.

Je, matembezi hayo hayawezi kuendelea milele? Popote mchezaji alipo ndani ya mstari, ushindi nne mfululizo unatosha kumfikisha 5, na uwezekano wake ni 1/16. Kwa hiyo kila marusho manne yanapopita, uwezekano wa kuwa bado mchezoni unabaki si zaidi ya 15/16 ya ule wa awali, na ukizidishwa hivyo tena na tena unapungua hadi kukaribia 0. Ndiyo sababu uwezekano wa kufilisika na ule wa kushinda vyote hujumlishwa na kuwa 1 kamili. Hesabu iliyofanywa kwa pande zote mbili isipotimiza jumla hiyo, kuna kosa mahali.

Mambo hubadilika sana sarafu inapoelemea upande mmoja. Tuseme mchezaji hushinda kila rusho kwa uwezekano wa 1/3 na kushindwa kwa 2/3. Hapo ngazi haziwi sawa tena: kila ngazi, ukienda kulia, ni mara mbili ya iliyotangulia, kwa kuwa 2/3 ni mara mbili ya 1/3. Ngazi ya kwanza ikiitwa fungu moja, zinazofuata ni mafungu 2, 4, 8 na 16, jumla 31. Kutoka 0 hadi 2 kumeshukwa mafungu matatu tu, kwa hiyo uwezekano wa kufilisika ni 28/31, yaani zaidi ya asilimia 90.

Mholanzi Christiaan Huygens aliweka tatizo la aina hii mwishoni mwa kitabu chake cha mwaka 1657 kuhusu michezo ya bahati. Wachezaji wawili wana sarafu 12 kila mmoja na wanarusha dadu tatu. Jumla ikiwa 14, wa kwanza anapewa sarafu moja. Ikiwa 11, wa pili. Jumla ya 14 hupatikana kwa namna 15, na 11 kwa namna 27, uwiano ambao ni sawa na 5 kwa 9. Fedha zikiwa sawa, uwiano wa uwezekano wao wa kushinda mchezo mzima ni 5 kwa 9, kila namba ikipandishwa kwenye kipeo cha 12: 244,140,625 kwa 282,429,536,481. Wa pili ana nafasi ya kushinda ipatayo mara 1,157 ya mwenzake. Pengo la rusho moja, ambalo halifiki hata maradufu, limekuzwa kiasi hicho na urefu wa mstari.

Ncha ya kulia ikiondolewa, yaani mpinzani akiwa na fedha zisizokwisha, mchezo wa haki humfilisi mchezaji kwa uwezekano wa 1, kwa sababu ngazi zilizo sawa hupungua kadiri mstari unavyorefuka hadi zisionekane. Anayeponea ni yule tu ambaye sarafu inamwelemea. Akishinda kila rusho kwa uwezekano wa 2/3, kila ngazi ni nusu ya iliyotangulia, na kwa shilingi 2 atafilisika kwa uwezekano wa 1/4.