Kabla ya Kuchangisha, Fungua Kitabu Namba 5

Bajeti yetu ya kwanza ya kambi ya matibabu ilijaa ukurasa mmoja wa daftari. Kwenye mstari wa dawa niliandika: "Amoksilini, makopo 2. Parasetamoli, makopo 5. Dawa ya mseto, boksi 4." Nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha watu 30 wa Dar es Salaam, wakiwemo madaktari, wauguzi, wafamasia na vijana wa kusaidia, na tulitaka kwenda kutoa huduma bure kwa siku mbili katika kijiji kimoja cha Rufiji, ng'ambo ya Ikwiriri. Mganga Mkuu wa Wilaya alikuwa ameshatupa kibali. Tulipokwenda kukagua eneo, nikamwonyesha ukurasa ule mganga mfawidhi wa zahanati ya pale, mama wa makamo aliyekaa kituoni hapo miaka mingi.

Aliusoma, akanirudishia. "Mwanangu, makopo mawili ni ya watu wangapi?"

Sikuwa na jibu. Akainuka, akavuta kabatini daftari kubwa la MTUHA, lile la wagonjwa wa nje ambalo kila zahanati nchini inalijua kama kitabu namba 5. Tukakaa naye mchana kutwa tukihesabu waliougua nini katika miezi hiyohiyo ya mwaka uliopita. Bajeti ya kambi ilianzia hapo.

Kambi huanza na idadi ya wagonjwa mnaoweza kuwaona. Matabibu wetu walikuwa 10. Tukakadiria kwamba tabibu mmoja akifanya kazi kwa utulivu ataona wagonjwa 25 kwa siku, na kwa siku mbili tungefikia 500. Tukagawa 500 hao kwa kufuata kitabu: wangapi watoto wenye kikohozi na homa, wangapi wanaharisha, wangapi malaria, wangapi vidonda na ngozi. Kisha mama mfawidhi akatuonya kwamba kitabu hakisemi yote. Kambi huleta watu wasiokwenda zahanati: wazee wenye maumivu ya mgongo na magoti, wenye shinikizo la damu wasiojijua, wasioona vizuri. Tukawaongeza.

Baada ya hapo kila ugonjwa unageuzwa kuwa vidonge. Chukua nimonia ya mtoto inayotibiwa kwa amoksilini ya kuyeyuka ya miligramu 250. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anameza kidonge 1 mara mbili kwa siku kwa siku 5, yaani vidonge 10. Wa mwaka 1 hadi chini ya 5 anameza 2 mara mbili kwa siku, yaani vidonge 20. Tulitarajia watoto 40, nusu kwa nusu. Wadogo 20 wanahitaji vidonge 200, wakubwa 20 wanahitaji 400, jumla 600. Ukiongeza kidogo kwa ajili ya watakaozidi, unafika kama 700. Hapo ndipo unapojua makopo ni mangapi. Malaria nayo hivyohivyo: mtu mzima anameza vidonge 24 vya dawa ya mseto kwa siku 3, mtoto wa chini ya kilo 15 anameza 6 tu. Boksi moja linaweza kutibu watu wachache au wengi, kutegemea nani amekuja. Na hakuna anayepewa mseto kabla ya kipimo cha haraka kuonyesha malaria, kwa hiyo vipimo lazima viwe vingi kuliko dozi, kwa sababu wenye homa ni wengi kuliko wenye malaria.

Shinikizo la damu ndilo lililotugombanisha wenyewe kwa wenyewe. Mmoja wetu alitaka kila mgonjwa wa presha apewe amlodipini ya wiki mbili ili fedha zitoshe watu wengi. Daktari wetu alikataa, na hadi leo naona alikuwa na haki. Presha haiponi kwa wiki mbili. Mtu atajisikia vizuri, dawa itaisha, atarudi alipokuwa huku akiamini ameshatibiwa. Tukakubaliana mambo matatu: presha ipimwe zaidi ya mara moja mgonjwa akiwa amepumzika, anayeanzishiwa dawa apewe vidonge 30 vya mwezi mzima, na jina lake liachwe kwa mama mfawidhi baada ya kuhakikisha kwamba atakapomaliza kuna mahali karibu pa kupata dawa ileile. Uamuzi huo ulipandisha mstari wa dawa na kutulazimisha kupunguza vitamini, ambazo wachangiaji walizipenda sana.

Kuna vitu vidogo ambavyo bajeti huvisahau na kazi husimama kwa ajili yake. Kwenye kambi yetu kilikuwa bahasha za dawa. Makopo yana vidonge 1,000, nasi hatukununua hata bahasha moja. Hadi saa tano asubuhi ya siku ya kwanza wafamasia walikuwa wanachana karatasi za daftari, wanakunja, wanaandika "2 x 3" juu yake kwa kalamu. Bibi mmoja alipokea vikaratasi vitatu vinavyofanana, akauliza kipi ni cha presha. Kijana wetu alilazimika kuvifungua vyote upya. Kwa hiyo andika bahasha, glovu, vipande vya kupimia sukari vinavyolingana na mashine yenu, na masanduku ya kutupia sindano pamoja na mpango wa nani atayateketeza. Andika pia tarehe za kuisha muda. Dawa za kuchangiwa zipokelewe tu kama zimebakiza angalau mwaka mmoja, kwa kuwa zinazobaki mtamwachia mfawidhi, na dawa iliyoisha muda humwachia mzigo wa kuiteketeza. Mstari huu wote, dawa na vipimo na vifaa, ulitugharimu shilingi 5,900,000.

Maturubai yana maneno machache. Watu wengi hukodi mengi kama ya harusi. Tabibu anahitaji faragha na utulivu, na madarasa ya shule siku ya Jumamosi na Jumapili yana vyote viwili bure, mkishaongea na mwalimu mkuu. Turubai ni la wanaosubiri, wasikae juani tangu alfajiri. Tulikodi matatu na viti 100 kutoka Ikwiriri, tukanunua vitenge vya kuzibia madirisha, na kwa kubeba na kusimamisha jumla ikawa 640,000.

Usafiri nao una hesabu ya kuangalia mara mbili. Kutoka Dar mpaka kijijini mita ya gari ilisoma kilomita 210. Kosta ya kubeba watu 28 tuliikodi kwa 250,000 kwa siku, na inakula lita 1 kwa kilomita 5, kwa hiyo kwenda na kurudi ni lita 84. Tulitoka Ijumaa na kurudi Jumatatu. Mpango wa kwanza ulikuwa Kosta itusubiri siku zote nne. Dereva mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Kaka, gari likilala unalilipia likiwa linakula vumbi." Tukahesabu: ikitushusha, ikarudi Dar, kisha ikaja kutuchukua Jumatatu, tunaongeza lita 84 za dizeli, kama 252,000 kwa bei ya 3,000 tuliyopigia hesabu. Lakini tunaokoa siku mbili za kukodi, 500,000, na posho ya dereva 60,000. Tofauti ni 308,000. Pikapu iliyobeba dawa ndiyo ilibaki kijijini siku zote, na hiyo msiiondoe hata iweje. Ndiyo gari la wagonjwa wenu. Usafiri wote ukawa 1,964,000.

Kwenye chakula niliandika watu 30. Mama mfawidhi alicheka. "Na mimi sili? Na mgambo?" Alikuwa na haki. Ukiwahesabu yeye na muuguzi wake, wahudumu wa afya wa jamii 4 walioita majina na kupanga foleni, mgambo 3, na viongozi 3 wa kijiji walioshinda nasi, wanatimia 12, na dereva wa pikapu anafanya jumla kuwa 43. Sisi wageni tulikula chai, mchana na jioni. Wenyeji chai na mchana. Tuliwapa kazi mama lishe wawili wa hapohapo kijijini, wali, maharage, mchicha na samaki wa mtoni, chai 2,000 na mlo 4,000. Pamoja na maji ya kunywa, hata ya wagonjwa wa kumezea dozi ya kwanza, ikawa 1,100,000. Matangazo, kuchapa kadi na vocha za simu vilichukua 396,000, na bajeti ikatimia milioni 10.

Juu yake tukaweka akiba ya asilimia 10, milioni moja, iliyoandikiwa masharti kabla ya kuondoka. Isiguswe kwa kitu kilichokuwa kwenye bajeti na kikasahaulika kwa uzembe. Ifunguliwe kwa sahihi mbili, yangu na ya daktari kiongozi. Nusu yake iwe taslimu mkononi. Sharti hilo la mwisho lilidharauliwa na wenzangu mpaka Jumamosi saa nne asubuhi, alipofika mama mjamzito mwenye presha iliyomtisha hata daktari, kichwa kikimuuma na macho yakiona ukungu. Alitakiwa hospitali ya wilaya Utete saa ileile. Wakala wa pesa za simu pale kijijini hakuwa na zaidi ya laki moja dukani. Kama akiba yote ingekuwa kwenye simu, tungekuwa tunazunguka kutafuta wakala huku mama yule anasubiri. Pikapu iliondoka naye, muuguzi na dada yake ndani ya dakika 20, na dada alipewa fedha ya kukaa naye hospitalini. Kumpa mgonjwa karatasi ya rufaa bila nauli ni sawa na kumwambia arudi nyumbani.

Kwa siku mbili tulipeleka rufaa 3, zikachukua 285,000. Watu waliokuja walikuwa 612, si 500, kwa hiyo tukaongeza dawa za 340,000 kutoka Ikwiriri. Tairi la pikapu lilipasuka, 120,000. Ikabaki 255,000. Jumapili jioni, chini ya turubai lililokuwa linashushwa, tulikaa na mama mfawidhi tukahesabu kila kopo lililobaki, akasaini fomu ya makabidhiano, nasi tukasaini. Zile 255,000 zilinunua amlodipini ya mwezi wa pili kwa wale tuliomwachia majina yao.

Kama kikundi chenu kinapanga kambi, nendeni mkakae na mganga mfawidhi wa huko kabla ya kuchangisha hata shilingi moja, na mumwombe awafungulie kitabu namba 5.