Somo Rahisi Lisiwe la Kitoto

Majuzi nilimtembelea mwalimu mmoja wa darasa la sita. Ana mvulana wa miaka 14 anayesoma kama mtoto wa darasa la pili. Kwa nia njema, mwalimu alimwandikia upya habari ya malaria: "Mbu ni mdudu mbaya. Anatuuma. Tunaugua." Aliiandika kwa herufi kubwa, na pembeni akachora mbu anayecheka. Kijana aliificha karatasi ile chini ya daftari kabla jirani yake hajaiona. Hakusoma hata neno moja.

Mwalimu alikuwa amepunguza maarifa badala ya kupunguza ugumu wa sentensi. Kitabu kilisema hivi: "Vimelea vya malaria vinavyoenezwa na mbu jike wa anofelesi huingizwa mwilini mwa binadamu mbu huyo anapofyonza damu inayohitajika kwa ukuzaji wa mayai yake."

Ukitazama vizuri, neno "anofelesi" si tatizo. Lina silabi tano nyepesi, na kijana akifundishwa mara moja atalisoma. Kinachomkwamisha ni maneno kama "vinavyoenezwa" na "inayohitajika", yaliyobeba mambo mengi kwa pamoja. Tena jambo linaloanza kutokea, yaani mbu kuhitaji damu, limewekwa mwisho.

Sisi watu wa redio tunaijua shida hiyo, maana msikilizaji hawezi kurudi nyuma. Basi tulikaa na mwalimu, tukaandika: "Mbu jike wa anofelesi huhitaji damu ili mayai yake yakue. Kwa hiyo humuuma mtu na kufyonza damu. Kama mbu huyo ana vimelea vya malaria, vimelea huingia mwilini mwa mtu."

Maarifa yote yamebaki, na mambo yamefuatana kama yanavyotokea. Maneno "ili", "kwa hiyo" na "kama" tuliyatumia makusudi. Ukiyaondoa, sentensi zitakuwa fupi lakini msomaji hataona sababu, na habari itarudi kuwa ya kitoto. Kichwa cha habari, ukubwa wa herufi na maswali vilibaki sawa na vya wenzake. Picha ya mbu anayecheka tuliifuta.

Utajuaje kama umefaulu? Mwite mwanafunzi faraghani, asome maneno 100 kwa sauti. Akikosea zaidi ya 10, habari bado ni ngumu. Akikosea matano au pungufu, mwambie aeleze alichosoma kwa maneno yake. Akisoma vizuri lakini akashindwa kueleza, rudi kwenye mpangilio wa sentensi.

Dawa hii ina mpaka wake. Asiyeweza kuunganisha silabi hatasaidiwa na sentensi fupi. Huyo afundishwe silabi kwanza. Na anayesaidiwa hivi apandishwe kidogo kidogo kuelekea kitabu cha wenzake, kwa sababu mtihani hautaandikwa upya kwa ajili yake.

Yule kijana alisoma karatasi ya pili hadi mwisho, ikiwa wazi juu ya dawati.