Ajenda ni vichwa tu: mwenyekiti aseme nini mkutanoni?

Ajenda nyingi za vikundi na miradi ya kijamii huandikwa kwa maneno machache: Maombi. Kumbukumbu. Yatokanayo. Pampu. Mengineyo. Orodha hiyo inamtosha katibu, lakini haimtoshi mwenyekiti. Akisimama na kuuliza, "Sasa tumefika kwa pampu, mnasemaje?", wanachama wataanza kutafuta aliyeiharibu, na jua litatua kabla ya uamuzi kupatikana.

Dawa ni kuandika mapema maneno utakayoyasema. Tuchukue mfano wa mradi wa maji wenye wanachama 160, kila mmoja akiwakilisha boma moja. Pampu yao imedhoofika ingawa bado inatoa maji.

Kabla ya kufika kwa pampu kuna akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama wanaohitajika ili mkutano ufanye uamuzi. Isome katika katiba ya kikundi. Ikiwa ni thuluthi moja, basi kwa wanachama 160 ni watu 54. Katibu ahesabu waliofika, nawe useme: "Tuko 71, akidi imetimia." Akidi isipotimia, mnaweza kupokea ripoti na kujadiliana, lakini msipige kura. Uamuzi uliopitishwa bila akidi ni rahisi kupingwa kesho yake.

Sasa chukua neno "Pampu" na ujiulize mambo manne. Kumetokea nini? Takwimu ni zipi? Mkutano unatakiwa kujibu swali gani leo? Tutaamua kwa njia gani? Swali la tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Mweka hazina anasema fundi anataka shilingi 84,000, na akaunti ina 52,000. Kwa hivyo swali si "tufanye nini na pampu" bali ni "shilingi 32,000 zilizopungua zitatoka wapi?" Kamati imeona njia mbili. Kila boma litoe shilingi 200, jumla iwe 32,000. Au bei ya mtungi wa lita 20 ipande kutoka shilingi 3 hadi 5. Kwa kuwa mitungi 400 huuzwa kwa siku, nyongeza hiyo ni shilingi 800 kila siku, na pengo litazibwa kwa siku 40.

Hotuba ya mwenyekiti inaweza kuwa hivi:

"Wazee wetu, kina mama na vijana, tumefika kwa pampu. Fundi ameikagua na anataka shilingi 84,000. Sisi tuna 52,000. Zimepungua 32,000. Leo tunajibu swali moja: pesa hizo zitatoka wapi? Njia ya kwanza, kila boma litoe mia mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Njia ya pili, mtungi uuzwe shilingi tano kwa siku arobaini, kisha bei irudi tatu. Mwenye njia ya tatu ataitaja. Sababu ya pampu kuharibika tutaipokea katika ripoti ya fundi, kwa hivyo tusiingie huko sasa. Kila msemaji ana dakika mbili. Tutasikiliza kwa dakika ishirini, kisha tupige kura kwa kuinua mikono."

Maneno hayo yanasomeka kwa muda mfupi, na sentensi zake ni fupi kwa sababu zinasikizwa, hazisomwi. Ona pia kwamba mwenyekiti hajasema anapendelea njia gani. Akianza na maoni yake, wengi watanyamaza kwa heshima, kisha wakatae kulipa wakifika nyumbani.

Mkimaliza kusikiliza, rudia swali kabla ya kura. Ukiona watu wanatazamana huku mikono ikiinuka nusunusu, au mtu akiuliza, "Tunapigia nini?", simama. Kura hiyo haifai. Soma tena njia zote, kisha anza upya. Hesabu wanaounga kila njia na wasiopiga kura.

Sehemu ya mwisho ya hotuba iache na nafasi wazi, kwa maana uamuzi ni wa mkutano: "Katibu, andika: mkutano umekubali njia ya ____, kwa kura ____ dhidi ya ____. Imependekezwa na ____, ikaungwa mkono na ____. Atakayesimamia ni ____, na ataleta ripoti tarehe ____." Sema maneno haya kwa sauti kabla ya kwenda kwa Mengineyo. Kama katibu amesikia vibaya, wanachama watamsahihisha papo hapo. Mkutano ujao, chini ya Yatokanayo, mwenyekiti atauliza jambo moja tu: aliyepewa kazi hiyo amefika wapi?